Shimo dogo la mchanga na tarehe ya kupima maji

"Shamba lenyewe ni eka tatu tu, na mchanga utakwisha ndani ya mwaka. Ripoti ya athari za mazingira ya nini kwa shimo dogo kama hili?" Ndivyo anavyouliza mwenye shamba anayeomba ruhusa ya kuchimba mchanga.

Udogo wa shimo la mchanga huhesabiwa kwa eneo lake, ilhali madhara yake makubwa hutokana na kina. Katika maeneo ya kichanga ya Unguja na Pemba, mchanga unaochimbwa ndio huo huo unaopokea mvua, kuichuja na kuifikisha chini kwenye maji ya visima. Anayetoa mchanga anapunguza unene wa chujio la jirani yake, na akizidisha mita moja tu chini anaweza kulimaliza kabisa, hata kama shamba lake ni dogo kuliko uwanja wa mpira. Kwa hiyo muhtasari wa tathmini, ambao ndio sehemu ambayo sheha na wanakijiji wataisoma, unapaswa kuanza na kina cha maji. Mihtasari mingi huanza na vumbi.

Tuchukue mfano wa shamba la eka tatu lenye upande wa mita 110, yaani mita za mraba 12,100. Mwenye shamba amechimba shimo la majaribio mwezi wa Februari, katika kiangazi cha kaskazi, akayakuta maji mita 6.5 kutoka juu ya ardhi. Kwa kipimo hicho anaomba kuchimba mita tano, akisema kuwa mita moja na nusu ya mchanga itabaki kuyalinda maji. Hesabu haina kosa. Kosa liko kwenye tarehe. Mwishoni mwa Mei, baada ya masika, maji katika shimo lile lile yanaweza kusimama mita 4.5 kutoka juu, na hapo sakafu ya machimbo itakuwa nusu mita ndani ya maji. Shimo litageuka dimbwi, mbu watazaliana, na chochote kitakachomwagika humo, iwe dizeli ya gari au uchafu wa mifugo, kitaingia moja kwa moja kwenye maji yanayotekwa na majirani. Akiamua kulikausha kwa pampu naye yuko karibu na pwani, atazua tatizo jengine. Maji matamu ya chini ya ardhi huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kanuni inayojulikana, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 nyengine za maji matamu chini ya usawa huo. Ukiyashusha kidogo juu, chumvi hupanda sana chini.

Kipimo cha kutegemewa, basi, ni kile cha mwisho wa masika, kikilinganishwa na visima vya jirani siku hiyo hiyo. Katika mfano wetu ningekubali sentimita 30 za udongo wa juu na mita tatu za mchanga, ili sakafu iwe mita 3.3 kutoka juu na ibaki mita 1.2 ya mchanga mkavu hata maji yanapokuwa juu kabisa.

Hapa ndipo mwombaji anapolalamika, na malalamiko yake yana uzito. Akichimba eneo lote kwa mita tano angepata mita za ujazo zaidi ya 60,000. Akiacha ukanda wa mita kumi kuzunguka mpaka, akachimba mita tatu tu na kuzilaza kuta ili kila mita moja ya kina iwe na mita mbili za mteremko, atapata takriban 21,000, ambazo ni safari 3,000 za gari la mita saba za ujazo. Amepoteza karibu theluthi mbili ya mchanga wake, na muhtasari wa kweli hauna budi kumwambia hivyo waziwazi. Tena hasara hiyo haiishii kwake. Watu wanajenga, tofali zinahitaji mchanga, na mashimo halali yakipungua bei hupanda na macho ya watu hugeukia fukwe, ambako kila gari linalochotwa usiku linaipunguzia pwani kinga yake dhidi ya mawimbi. Mimi sioni kuwa jibu ni kukataa kila ombi. Hata hivyo, mchanga unaweza kununuliwa pengine kwa bei ya juu zaidi, lakini kisima kilichoharibika hakina duka.

Kulaza kuta kuna sababu nyengine, ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Mchanga wenye unyevu husimama wima kama ukuta uliopigwa plasta, na wapakiaji wanaotumia mapauro hupenda kuuchota kutoka chini ili sehemu ya juu iporomoke yenyewe na kuwapunguzia kazi. Asubuhi ukuta huwa imara. Kufika adhuhuri jua limekausha uso wake, punje zinaanza kuteleza moja moja, na ufa mwembamba unajitokeza juu, hatua moja au mbili kutoka ukingoni. Ufa huo ndio onyo. Mchanga mkavu hausimami kwa mteremko mkali zaidi ya nyuzi 34 hivi, na ukuta ukianguka mtu aliyefunikwa hadi kifuani anaweza kushindwa kupumua, hata kama kichwa kiko nje. Ripoti inayoandika "wafanyakazi watapewa vifaa vya kinga" haijamsaidia mtu huyu kwa lolote; kinachomwokoa ni sharti la kuchimba kuanzia juu na kuuacha ukuta ukiwa umelala.

Udongo wa juu ni hazina ambayo mara nyingi huuzwa kama fusi katika wiki ya kwanza. Kwa eneo la uchimbaji la mita 90 kwa 90, sentimita 30 zake ni takriban mita za ujazo 2,400, nazo zinafaa kurundikwa kando kwa marundo yasiyozidi mita mbili, yaliyopandwa majani ili mvua isiyachukue. Bila udongo huo, ahadi ya kurudisha muhogo na minazi ni maneno matupu, kwa sababu sakafu ya mchanga mtupu haishiki maji wala rutuba. Kulijaza shimo kwa taka ni kosa kubwa zaidi, maana ni kuweka jaa mita moja tu juu ya maji ya kunywa.

Vumbi na magari havihitaji maelezo marefu: turubai juu ya kila mzigo, mwendo mdogo karibu na skuli, na njia kumwagiwa maji wakati wa kiangazi.

Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ZEMA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, haiwezi kukaa shimoni kila siku, na huu ndio udhaifu wa masharti yote niliyoyataja. Kwa hiyo ningetaka masharti ambayo mwanakijiji anaweza kuyakagua mwenyewe. Nguzo za zege zisimikwe kwenye ukanda wa mpaka, na urefu wa kina kilichoruhusiwa uandikwe juu yake, ili mtu mwenye kamba na jiwe aweze kupima. Eneo ligawanywe vipande vitatu, na kipande cha pili kisifunguliwe mpaka cha kwanza kimerudishiwa udongo na kupandwa. Kina cha maji katika kisima cha jirani kiandikwe kila wiki mbili katika daftari linalokaa kwa sheha, na mwombaji aweke dhamana ya fedha inayotosha kulipia kazi ya kurudisha udongo iwapo ataondoka. Dhamana hiyo ilipwe kabla gari la kwanza halijapakia, kwa kuwa baada ya mchanga kwisha hana tena sababu ya kurudi.