Pakeji ya upasuaji ina nini ndani, na bima italipa sehemu ipi?

"Bima ninayo, bei daktari keshanitajia. Karatasi ya makadirio ya nini tena?"

Aliyeuliza ni dada wa Ngamiani, hapa Tanga, aliyepangiwa kutolewa uvimbe kwenye kizazi katika hospitali binafsi. Dada, pakeji ni bei moja, ila bima hulipa kwa vipengele, na kila kipengele kina kikomo chake.

Tuseme pakeji ni shilingi 2,400,000 kwa siku tatu wodini. Ukiomba mchanganuo unakuta daktari na thieta 1,300,000, nusu kaputi 300,000, dawa na vifaa 440,000, chumba cha peke yako 360,000. Chini kabisa imeandikwa kuwa kipimo cha kinyama, 100,000, hakimo. Sasa fungua kadi yako: kikomo cha upasuaji, chumba kikiwa ndani yake, ni 2,000,000, na chumba hakizidi 80,000 kwa siku. Chumba chako ni 120,000 kwa siku, kwa hiyo siku tatu utaongeza 120,000. Vilivyobaki ni 2,280,000, vimevuka kikomo kwa 280,000. Ongeza kinyama: mfukoni mwako zinatoka 500,000. Ukihamia wodi ya pamoja ya 70,000 kwa siku, deni linashuka hadi 350,000. Uamuzi huo unafanyika kabla ya kulazwa. Siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa mezani, umeshachelewa.

Hospitali nazo zina hoja nzito ya kutotaka kufungwa na bei moja. Utrasaundi haionyeshi kila kitu. Tumbo likifunguliwa uvimbe unaweza kukutwa mwingi kuliko ilivyodhaniwa, damu ikatoka nyingi, mgonjwa akaongezewa damu na kukaa siku mbili zaidi. Ukiibana hospitali kwa namba moja, itaipandisha mapema ili isipate hasara, na asiyepata tatizo lolote atalipia matatizo ya wengine. Au itaibakiza namba ileile, kisha ishawishike kukuruhusu ungali na maumivu. Kwa mtoto wa jicho au henia ya kawaida hoja hii haina uzito sana, kwa sababu kazi yenyewe inatabirika. Huko pakeji namuunga mkono anayeidai. Kwa kizazi, hapana.

Kwa hiyo wewe omba namba mbili kwa maandishi, zenye muhuri na tarehe: ya mambo yakienda sawa, na ya damu ikihitajika au siku zikiongezeka, pamoja na bei ya kila siku ya ziada. Zipeleke bima kabla ya kibali kutoka. Ikiwa bima yako ni mpya, uliza kwanza kama kipindi cha kusubiri kwa ugonjwa uliokuwa nao kimekwisha, maana kikiwa bado, hesabu yote ya hapo juu haina kazi.

Kibali kikitoka, soma jina la upasuaji na tarehe ya mwisho. Kikisema kutoa uvimbe, kisha daktari akalazimika kutoa kizazi chenyewe, bima inaweza kusema hicho sicho ilichoidhinisha. Muulize mhudumu wa dawati la bima pale hospitalini nani atawapigia simu bima upasuaji ukibadilika, na ndani ya muda gani, kisha mwambie aandike jina lake kwenye hiyo karatasi ya makadirio.