Ukisema "ziko kumi tu", kweli ziko kumi?

Wiki hii nimekasirika kabisa. Kuna mutu hapa Goma alitangaza kwa WhatsApp ati sakoshi zake za kitenge ziko 10 tu, dola 45, leteni avansi haraka kabla ziishe. Watu wakalipa. Hata hawajapewa zao, akatangaza zingine 10, kitenge ni ileile, dola 30. Dada mmoja aliyelipa 45 akaniuliza, sasa mimi nililipia nini? Nikakosa jibu.

Sikatai bei ya juu, mi pia nashona na kuna wakati napandisha. Lakini jiulize: mutu akija kesho na dola 45, unaweza kumushonea ingine? Kama unashuka tu Birere unapata kitenge ileile, basi haijaisha, ni weye umeamua kuacha.

Tuchukue pisi moja ya waksi, yadi 6, mchoro hautoki tena, umeinunua dola 60. Sakoshi moja inakula nusu yadi, kwa hiyo zinatoka 12. Wengi wanagawa 60 kwa 12, wanaona dola 5, wanapokea komande 12, na hapo ndipo wanaanguka, maana mkasi ukiteleza, ama mchoro ukaushona kichwa chini, ama ukakuta doa katikati ya kitambaa, hauna pa kukimbilia na mwenye sakoshi ameshalipa. Kitambaa isiyorudi, pokea komande 10. Sasa 60 kwa 10 ni dola 6. Zipu, mikanda ya ngozi na kitambaa ya ndani dola 6, mikono yako dola 8, umefika 20. Mi ningeuza 30 na kuomba avansi 15, maana ile 15 inalipa vifaa vyote, hata mutu asiporudi haujaweka pesa ya mfukoni kwa sakoshi yake.

Zile 2 zilizobaki, kama hakuna iliyoharibika, ziuze kisha watu wote wamepokea zao. Hizo weka hata 40. Pisi imeisha kweli, mutu anaishika, anaangalia mshono, analipa anaondoka nayo, haumudai uvumilivu wala imani. Hapo uchache unastahili pesa, sina neno.

Tarehe ya kutoa iandike mbele ya kupokea avansi.

Mikono nayo inaisha, hilo nakubali. Ukishona peke yako na foleni imejaa mpaka mwezi ujao, pandisha, lakini kwa komande zinazokuja, si kwa mutu aliyeshatoa avansi. Na usihesabu wanaosema "ni nzuri sana". Hesabu wale wanaokuja na pesa mkononi wakati nafasi 10 zimeshajaa. Wakiwa watano, sita, pisi ijayo anzia 35. Nafasi zikikawia kujaa, acha 30 ikae.