Ufunguo wa Shilingi Mia Tatu

Siku niliyonunua gari niligombania kapeti. Karibu saa nzima, mimi na muuzaji, jasho linatutoka, mpaka akasalimu amri akanipa seti nzima bure. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. "Mengi ya Japani ndivyo yanavyokuja," akasema, nami nikatikisa kichwa kama mzaliwa wa huko.

Baadaye nikajitia ujanja. Nikachongesha wa pili kwa shilingi mia tatu, ukafungua mlango bila taabu, nikautia kwenye pochi. Kuwasha nao injini sikujaribu.

Jumamosi moja niko kwenye feri naelekea Likoni. Nimeshuka garini, nimeegemea ukingo, nazungusha ufunguo kidoleni ili abiria wajue gari ni la nani. Muuza korosho akanigusa bega. Nilichosikia baada ya hapo ni chubwi!

Sikutishika. Nikatoa pochi kwa madaha. Mlango ukafunguka, usukani ukaachia, stata ikalia kama kawaida. Injini ndiyo iliyokataa kuwaka. Feri ikafika, magari ya nyuma yakaanza honi, mimi nawasha, nazima, nawasha. Vijana sita wakanisukuma kupanda ile njia, kila mmoja na ugonjwa wake: betri, pampu, mafuta. Hakuna aliyetazama kile kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo kilichokuwa kikinikonyeza kwenye dashibodi.

Fundi aliyeitwa alikitazama hicho kwanza, kisha akacheka.

"Mzee, huu umechongwa chuma peke yake. Ule ulioanguka ulikuwa na chipu ndani ya kile kichwa cha plastiki. Ukiutia, waya uliozunguka tundu la ufunguo unaisoma namba ya chipu. Imobilaiza, kile kidude cha kuzuia wizi, isipoitambua namba, stata itazunguka mpaka betri ife, na injini haiwaki."

"Basi nitilie chipu."

"Ungekuja na ule mzima, ningelisajilia gari ufunguo wa pili kwa elfu tano, tukanywa na chai. Gari hili humkubali mgeni akiletwa na mwenyeji. Sasa mwenyeji yuko baharini. Itabidi nifungue kisanduku cha imobilaiza chini ya dashibodi, nisome kumbukumbu yake, niandike upya."

Hesabu yake: funguo mbili na kazi, elfu ishirini na sita. Bredauni kunivuta hadi kwake, elfu sita. Alipomaliza ilikuwa alasiri, nami nimekula korosho pakiti nne, za yuleyule muuzaji, maana alinifuata kuniomba radhi na biashara juu.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na muuzaji hukumwambia akupe ufunguo wa pili, au apunguze bei?"

"Nilimwambia anipe kapeti."

Tangu siku hiyo akitaka kupanda gari anavua viatu mlangoni. Anasema kapeti za elfu thelathini na mbili hazikanyagwi na ndara.