Ea Klina Iliyoitwa Babu

Kwenye gereji niliyokuwa nikifanya kazi hapa Dar kulikuwa na ea klina moja tuliyoiita Babu. Haikuwa ya gari lolote. Ilitoka kwenye Noah iliyokwisha kuuzwa, nyeusi kama masizi ya sufuria, na katikati ya mikunjo yake alikuwamo mende aliyefariki kitambo. Bosi aliitunza stoo, juu ya rafu, kwenye mfuko wa sukari.

Kazi ya Babu ilikuwa moja. Mteja akija kumwaga oili, unasubiri akae kwenye benchi, unamletea Babu mikononi kama mtoto mchanga, unasema kwa huzuni: "Bosi, gari lako linapumua kupitia hii." Mteja anamtazama yule mende, anatoa elfu 15, anawekewa ea klina mpya. Yake ya zamani, ambayo mara nyingi ilikuwa haina neno, inapigwa upepo wa kompresa na kuhifadhiwa. Sitaki kusema ilihifadhiwa kwa ajili gani.

Bosi hakuwa mtu mbaya sana. Servisi ya oili faida yake ni ndogo. IST inakula lita 3.7 hivi pamoja na filta, dumu la lita 4 karibu lote linaisha, na bei ya dumu kila mteja anaijua. Kwa hiyo alitupa amri: mteja asitoke na kitu kimoja.

Basi siku hiyo akaja Mwalimu.

Mwalimu tulikuwa naye mwaka wa tatu. IST ya fedha, anaosha mwenyewe, analipa bila kuvutana. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akajibu, "Marahaba mwanangu," akakaa na furushi la mitihani ya Darasa la Saba na kalamu yake nyekundu. Nikaingiza gari kwenye shimo, nikafungua nati ya sampo, oili ikaanza kushuka. Bosi akanikonyeza. Nikaenda stoo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uvivu. Boneti nilikuwa nimeifungua ila boksi la ea klina sijaligusa kabisa, na kwenye IST boksi hilo unalifungua bila spana, klipu mbili tu. Nilijiambia, mwalimu wa Kiswahili atajua nini?

"Mwalimu," nikasema, na sauti yangu ya msibani, "gari lako linapumua kupitia hii."

Akaweka kalamu chini. Akavua miwani ya kusomea, akavaa ile nyingine. Akamgeuza Babu upande huu, akamgeuza upande ule, akamtazama mende usoni.

"Hii imetoka kwenye gari langu?"

"Sasa hivi, Mwalimu."

"Haya. Irudishe nione inavyokaa."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Wateja wengine wawili wakaacha simu zao. Nikatembea kwenda kwenye gari hatua zile ambazo mtu anatembea akiitwa ofisini, nikafungua klipu, na humo ndani imelala ea klina safi, nyeupe, imeandikwa ubavuni kwa wino mwekundu: *14/8, km 87,410*. Chini yake sahihi. Pembeni ya sahihi, nakwambia kweli, alama ya vema.

Aliinunua mwenyewe na kuiweka mwenyewe. Dashibodi ilikuwa inasoma 89,000 na ushee. Ea klina kwenye lami inaweza kwenda hata kilomita 20,000, kwenye vumbi ni chini ya hapo, lakini hii ilikuwa haijamaliza hata 2,000.

"Ingiza sasa hiyo yako," akasema nyuma yangu. "Kama imetoka humo, itarudi humo."

Nikajaribu. Sijui kwa nini nilijaribu. Babu ni wa Noah. Nilimwingiza kwa upana akagoma, nikamwinamisha akagoma, nikamsukuma kwa kiganja, na hapo mende akachomoka akaanguka juu ya injini ya Mwalimu. Mteja mmoja alicheka mpaka akashika nguzo. Bosi alikuwa ameingia chooni na hakutoka kwa dakika 20.

Ningeishia hapo ingekuwa aibu ya kawaida. Balaa ni kwamba nilipokuwa shimoni, kabla ya Babu, nilichungulia gurudumu la mbele kwa ndani nikaona pedi za breki zimebaki kidogo. Kweli kabisa zimebaki kidogo. Sasa nina jambo la kweli, na sina uso wa kulisemea. Nikafunga nati, nikabadili filta ya oili, nikamimina oili mpya, nikapima kijiti, nikamkabidhi funguo. Akalipa ya oili tu. Nikaona akipanda gari nitakuwa nimemficha.

"Mwalimu, kuna kitu kingine."

"Kina mende?"

"Hapana, Mwalimu. Ni breki. Naomba uje uone mwenyewe, usiniamini."

Hilo la "usiniamini" lilimgusa. Nikapiga jeki, nikatoa tairi, nikamwonyesha pedi zikiwa palepale zinapokaa. Akaingiza mkono kwenye pochi akatoa rula ya mwanafunzi. Pedi mpya huwa karibu milimita 10. Ya nje tukapata 4. Ya ndani, 3, na 3 ndipo fundi anaanza kutafuta pedi nyingine.

"Mbona hazilingani?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa pale. Nikamweleza kwamba kalipa inateleza juu ya pini mbili, na pini zikikauka grisi, pedi ya ndani inabaki inasugua hata ukiachia mguu. Mtu anayechungulia kupitia rimu anaiona ya nje tu, anasema bado ipo.

"Nisipobadilisha leo?"

Zamani ningesema utaua mtu barabarani. Nikasema: "Leo unafika nyumbani, hata mwezi huu unaweza kufika. Kuna kilimi cha chuma kwenye pedi, ikiisha kitagusa diski kitapiga filimbi ukitembea. Ukiisikia, usiiache. Ikifika chuma kwa chuma diski nayo inaliwa, na diski ni ghali kuliko pedi. Pedi za mbele ni elfu 45 na kufunga."

Kisha nikanyamaza. Jamani, kunyamaza baada ya kutaja bei ni kazi ngumu kuliko kutoa gia boksi. Ulimi unawasha kusema "nitakupunguzia".

"Leo sibadilishi," akasema.

"Sawa, Mwalimu." Nikarudisha tairi.

Akatoa daftari la gari, akaandika vile vipimo, halafu chini akaandika kwa wino mwekundu huku nikimwona: *Fundi: uongo 1, ukweli 1. 50/100. Arudie.*

Baada ya wiki tatu akapiga simu. "Inapiga filimbi." Akaja na pedi alizozinunua mwenyewe Gerezani, kwenye boksi, na risiti. Elfu 45 yangu ikawa ufundi tu. Lakini alinipa mimi kazi, akasema pini nazo zisafishwe na kupakwa grisi.

Nilikuwa nimechuchumaa naikaza kalipa, naye amesimama juu yangu na rula, nilipomwona bosi anatoka stoo. Amebeba mfuko wa sukari. Anaelekea kwa mzee mmoja aliyekaa benchini na kanzu yake.

Mwalimu akavua miwani ya kusomea, akavaa ile nyingine.