Muulize fundi wako: unga wa zamani unaumwaga wapi?

Nina steshenari ndogo Dar es Salaam, na printa inayonilisha inatumia katriji ya 12A. Kwa miaka mingi nilikuwa naipeleka kujazwa nikiuliza bei tu. Siku moja ikarudi kutoka kwa fundi na kuanza kudondosha unga mweusi kwenye fomu za mteja, tena fomu za chuo zilizohitajika asubuhi hiyohiyo. Ndipo nilipoamua kuifungua.

Katriji hiyo ina pande mbili. Upande mmoja ni tangi la toneri mpya, yaani unga wa kuchapia. Upande wa pili kuna drumu, silinda inayobandika unga kwenye karatasi, na nyuma yake kachumba kengine ambako wateja wengi hatujui kama kapo. Si unga wote unaoshika karatasi. Unaobaki juu ya drumu hukwanguliwa na bledi ya mpira na kuangukia humo. Kila katriji inapojazwa, kachumba hako kanatakiwa kumwagwa. Kakijaa, unga hauna pa kwenda, unarudi kwenye drumu na kutoka kama michirizi. Katriji yangu ilikuwa imejaa pomoni, na ubavuni kulikuwa na tundu lililotobolewa kwa chuma cha kulehemu cha moto, limezibwa kwa utepe. Fundi alikuwa ametoboa, akamimina, akaziba. Hakuwahi kuifungua.

Tangu hapo napima kwa mzani wa jikoni kabla ya kuipeleka na ikisharudi. Chupa ya kujazia 12A ina takriban gramu 100. Mara ya kwanza ongezeko lilikuwa gramu 100 kamili, na fundi ananiambia ameshaisafisha. Haiwezekani. Kama unga wa zamani ungetoka, ongezeko lingepungua. Nikahamia kwa fundi mwingine, akachomoa pini mbele yangu, akatenganisha pande mbili na kumwaga. Safari hiyo ongezeko lilikuwa gramu 78. Maana yake gramu 22 hivi za taka zilitoka.

Sasa swali langu kubwa: zile gramu 22 zilikwenda wapi? Nimekaa kwenye vibanda vya kutosha kuona. Wengine hugonga katriji ukingoni mwa pipa, vumbi likapanda usoni mwao na mwa mtoto aliyetumwa kusubiri. Wengine hupuliza kwa blowa nje, kwenye uchochoro ambao mama lishe anakaangia samaki. Jioni taka zote huchomwa pamoja. Na wapo wanaouchekecha ule unga wa zamani na kuuchanganya na mpya. Huo una nyuzi za karatasi na haushiki chaji vizuri. Utaujua kwa kurasa zenye kivuli cha kijivu hata pale pasipoandikwa kitu, na drumu itakwanguka kabla ya wakati wake.

Toneri si masizi tu. Ni plastiki iliyosagwa laini sana na kutiwa rangi, na iliundwa iyeyuke kwa joto. Ndiyo maana ikimwagika usiioshe kwa maji ya moto, itaganda. Tumia kitambaa chenye maji baridi. Usiivute kwa mashine ya kawaida ya kufagilia zulia, kwa sababu kichujio chake hakiizuii. Fundi wangu wa sasa humwagia ndani ya mfuko mzito, akaufunga, akauweka ndani ya mfuko wa pili. Kazi ya dakika tatu. Nakubali aniongezee bei kwa hiyo.

Katriji tupu nazo zina soko. Anayenunua ganda la asili anaweza kulitengeneza upya kwa drumu mpya na kuliuza akisema wazi kuwa limetengenezwa upya, na hiyo ni biashara halali. Lakini ganda hilohilo likitiwa kwenye boksi jipya lenye nembo, mteja analipia kitu kipya asichopata. Mimi kabla ya kuuza ganda nakwangua lebo kwa kisu, na boksi nalichana vipande.

Printa iliyokufa ina safari yake. Fundi huchukua roli ya kuvutia karatasi na gia, wa chuma chakavu huchukua mota na vyuma, nyaya huchomwa ili shaba ipatikane, na moshi wa ile plastiki ni sumu. Bodi na ganda huishia dampo. Ukimpa mtu printa, toa katriji kwanza, la sivyo unga wote utamwagika akiivunja kwa nyundo.

Tanzania tuna kanuni za taka za kielektroniki tangu 2021, na wanaozikusanya wanatakiwa kuwa na kibali, kwa hiyo anayekuja na kirikuu kuchukua printa zako mwombe akuonyeshe kibali. Walioko Nairobi wana WEEE Centre, inayopokea vifaa hivi na kuvibomoa. Mimi najaza boksi moja la karatasi za A4 kwa mifuko iliyofungwa na drumu zilizochoka, kisha namwita mkusanyaji mwenye kibali. Boksi la sasa limefika nusu.