Tenda ya chakula cha kuku na nafasi iliyobaki kwenye kinu

"Kinu changu hapa Kisenyi, Kampala, kinaweza kusaga tani 10 kwa siku, mimi nasaga 6 tu. Nimepata tenda ya kumsagia mtu mahindi ya chakula cha kuku, tani 2 kwa siku, miaka mitano. Nikishalipa umeme, vibarua na nyundo zinazoisha, nabaki na shilingi 15 kwa kilo. Mhasibu anataka niihesabie na mashine gharama. Mashine nilishailipa zamani, inakaa bure. Gharama inatoka wapi?"

Ndugu yangu, kwenye jambo moja uko sahihi kabisa. Pesa uliyonunulia mashine imekwisha kwenda, na maji yakimwagika hayazoleki. Kama mhasibu wako anachukua bei ya mashine ile, au kodi ya jengo, akaigawa ili tenda ibebe fungu lake, anakosea. Kodi utailipa ile ile, tenda uichukue au uiache. Ingekuwa tofauti kama kuna mtu anayetaka kupanga ile kona utakayowekea magunia ya mteja na mwenye jengo anaruhusu. Hapo kodi unayoikosa ni gharama ya kweli. Kama hakuna mpangaji, kona haina bei.

Lakini swali la mashine halihusu ulicholipa zamani. Linahusu utakacholipa mbele, na lini.

Tuchukue kwamba unga wako mwenyewe wa posho unaongezeka tani 1 kwa siku kila mwaka. Mwaka huu 6, mwakani 7, hadi mwaka wa 5 unafika 10 na kinu kimejaa. Mashine ya pili unaihitaji mwisho wa mwaka huo. Sasa weka zile tani 2 za kuku juu yake: 8, 9, 10. Mwaka wa 3 umejaa, na mwaka wa 4 una tani 11 za kusaga kwenye kinu cha tani 10. Mashine ya pili imesogea mbele miaka miwili. Gharama ya nafasi yako "ya bure" iko hapo, na haionekani kwa sababu haina risiti ya leo.

Tuipime. Tuseme mashine mpya pamoja na mota na kufungwa ni shilingi milioni 120, na pesa kwako inagharimu asilimia 20 kwa mwaka, kiwango ambacho mkopaji wa shilingi Kampala hatashangaa kukisikia. Kulipa milioni 120 baada ya miaka mitano ni sawa na kutenga milioni 48.2 leo. Kuzilipa baada ya miaka mitatu ni sawa na kutenga milioni 69.4. Tofauti ni kama milioni 21. Na kwa kuwa mashine iliyonunuliwa mapema huchakaa mapema, nayo itabadilishwa miaka miwili kabla, na itakayofuata vivyo hivyo. Ukichukulia kila mashine inaishi miaka kumi, mzigo wote unafika milioni 25.3 kwa thamani ya leo.

Upande wa pili, tenda inaleta nini? Tani 2 kwa siku 250 za kazi ni kilo 500,000. Kwa shilingi 15, ni milioni 7.5 kwa mwaka. Miaka mitano ya pesa hiyo, kwa thamani ya leo, ni milioni 22.4. Tenda uliyoiona ni faida tupu inakula karibu milioni 3.

Usiikatae bado. Angalia hasara inakaa wapi. Miaka mitatu ya kwanza inaleta milioni 15.8 na haikugharimu mashine hata shilingi moja, kwa sababu kinu bado kina nafasi. Mwaka wa 4 na wa 5 vinaleta milioni 6.6 tu, na ndivyo vinavyobeba milioni 25 zote. Nafasi ya ziada kweli ni ya bure, ila ina tarehe ya mwisho, na mkataba wako umeivuka tarehe hiyo kwa miaka miwili.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hakuna mjinga anayenunua mashine nzima kwa ajili ya tani 1 iliyomwagika. Ni kweli, na gharama halisi ni ile ya njia rahisi kuliko zote. Kisenyi imejaa vinu. Unaweza kumpa jirani tani hiyo. Akikutoza shilingi 40 kwa kilo juu ya gharama ambayo ungeitumia mwenyewe, mwaka wa 4 unampa 40,000 kwa siku huku tenda ikikuingizia 30,000. Mwaka wa 5 unampa 80,000 kwa zile zile 30,000. Hasara ya miaka hiyo miwili imepungua sana, lakini bado ni hasara. Zamu ya usiku nayo ipigie hesabu, mradi uangalie saa. Kwa wenye mita za viwanda, umeme wa Uganda ni ghali zaidi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, na hushuka kabisa kuanzia saa sita hadi alfajiri. Zamu inayoanza jioni si sawa na inayoanza usiku wa manane.

Hoja nzito zaidi ya upande wako ni nyingine, nami naiheshimu. Hesabu yote hii imesimama juu ya ile tani 1 ya kila mwaka. Ukikua kwa nusu tani tu, mwaka wa 5 unga wako ni tani 8, jumlisha 2 za kuku, kinu kinajaa bila kumwagika na mkataba mzima haugharimu mashine chochote. Na soko la mahindi linajua kuvunja makadirio. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa ajili ya sumu kuvu. Zuio lilidumu siku chache, lakini aliyekuwa amepanga ukuaji wake kwa wanunuzi wa ng'ambo ya Busia alijifunza kitu. Kukataa pesa ya mkononi kwa ajili ya ukuaji usiokuja ni kosa kubwa sawa na kuiona mashine haina bei.

Kwa hiyo kabla ya kusaini fungua daftari lako la mizani, la siku kwa siku. Tani 6 ni wastani. Tazama wiki za baada ya mavuno, mahindi yanapoingia kwa fujo: kama siku hizo ulishagusa 9, nafasi uliyo nayo ni ndogo kuliko unavyodhani. Kisha tazama ni mashine ipi hujaa kwanza. Mahindi ya kuku husagwa mazima, hayapiti kwenye mashine ya kukoboa. Kama magunia yako hupanga foleni kwenye kukoboa huku kinu cha kusagia kikisubiri, tenda hii inatumia nafasi ambayo unga wako usingeifikia, na mimi ningeichukua miaka yote mitano.

Kama foleni iko kwenye kusaga, mwombe mteja mkataba wa miaka mitatu. Akishikilia mitano, weka kifungu kinachokuruhusu kuanzia mwaka wa 4 kupunguza tani zake kwa notisi ya miezi mitatu, au kupandisha bei hadi shilingi anayotoza jirani.