Pafu mbili zinatosha

"Bro wangu ameacha fegi mara nne na kila mara wiki haiishi kabla arudi. Hiyo si ni kukosa nia tu? Kokeini ndio inashika ubongo, sigara ni tabia."

Kwa kokeini hujakosea sana. Kwa panya wa maabara nikotini inapandisha dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, pale nyukliasi akambensi, mahali ubongo unapima raha, kama mara mbili ya kawaida, kokeini mara tatu au zaidi, na amfetamini inaweza kufika mara kumi. Kokeini inaziba mlango ambao dopamini hurudi nao ndani ya seli, amfetamini inaingia kwa mlango huohuo na kuisukuma nje. Nikotini haigusi mlango, yenyewe inabonyeza seli zimwage. Kwa hivyo ukipima kwa ukubwa wa mlipuko, sigara ndio mdogo wao. Lakini utafiti mmoja wa Marekani wa 2011 ulikadiria kwamba kwa watu 100 waliowahi kutumia nikotini, karibu 68 huishia kushikwa nayo, na kwa kokeini ni karibu 21. Najua sigara ni rahisi kupata na kokeini ni ghali, hiyo lazima inachangia, ila haimalizi hadithi.

Angalia kasi na idadi. Moshi unafikisha nikotini ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20, na fegi moja ni kama pafu kumi. Bro wako tuseme ni mtu wa boda, anavuta 15 kwa siku, hizo ni pafu 150, yaani mara 150 kila siku ubongo wake unafundishwa kwamba chai, pikipiki ikizimwa kwa steji, abiria akilipa, hapo ndio raha hutokea. Hakuna mtu ananusa kokeini mara 150 kwa siku.

Sasa kuna kipimo kimoja hakinitoki kichwani. Mwaka 2006 wavutaji walipigwa picha za ubongo, ikaonekana pafu moja au mbili tu zinakalia nusu ya vipokezi vya nikotini, yaani sehemu za seli za ubongo ambapo nikotini hushika, na vinabaki hivyo kama saa tatu. Sigara nzima inakalia zaidi ya asilimia 88. Fikiria hiyo vizuri. Mtu ameacha siku nne, rafiki anamwambia "vuta tu kidogo," na hicho kidogo kimeshafika nusu ya njia. Na hapa Nairobi kidogo ndio kinauzwa, sheria ya tumbaku ya 2007 ilikataza kuuza fegi mojamoja lakini kioski gani hakuuzii moja na kiberiti juu?

Tena vipokezi vikizidi kukaliwa vinalala, na ubongo unaongeza vingine. Nikotini hupungua nusu kila kama saa mbili, kwa hivyo bro akivuta ya mwisho saa tano usiku, saa kumi na moja asubuhi imebaki sehemu moja kwa nane, vipokezi vimeamka na ni vingi kuliko vya mtu asiyevuta. Ndio maana muulize swali moja tu: anavuta ya kwanza dakika ngapi baada ya kuamka? Kama ni ndani ya tano, kabla hata ya chai, ameshikwa vibaya.

Wa upande wa nia nao wana hoja na siwezi kuwapuuza, wengi walioacha sigara waliacha bila dawa yoyote, na vile vipokezi vya ziada hupungua mpaka kawaida kwa wiki 6 hadi 12, kwa hivyo ubongo haujaharibika milele na ukimwambia mtu umeharibika unaweza kumkatisha tamaa bure. Shida ni kwamba wanahesabu waliofaulu. Wanaojaribu peke yao, wengi hurudi ndani ya siku nane, na baada ya miezi sita hadi kumi na mbili wamebaki watatu hadi watano kwa kila 100. Bro wako kurudi kabla wiki iishe ni kawaida kabisa, maana hasira, kukosa usingizi na kichwa kutotulia hupanda kileleni siku ya pili na ya tatu, na yeye siku hizo yuko barabarani.

Mimi ningemwambia aanze na plasta ya nikotini, miligramu 21 kwa mtu anayevuta zaidi ya kumi, wiki sita, halafu 14 wiki mbili, halafu 7 wiki mbili. Inapitia ngozi polepole, hakuna mlipuko wa kufundisha ubongo, lakini vipokezi havilii njaa. Wengi huitoa wiki ya pili wakijisikia sawa, na wakati huo vile vipokezi vya ziada bado viko.